Nilivyokoma kuitwa Daktari Ng'ombe

Mimi naitwa Somoe Ng'ombo. Ni mtafiti wa mikorosho, mzaliwa wa Mtwara, na shahada ya uzamivu niliitolea jasho miaka sita. Kwa hiyo nikisimama mbele za watu napenda ile Dkt. itajwe. Nasema mapema ili asije mtu akaniambia nina majivuno. Ninayo, kidogo.

Mwaka juzi mwezi wa tano, kabla ya msimu wa kupulizia salfa, nilialikwa kuzungumza juu ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwenye ukumbi wa hoteli moja pale Mtwara mjini. Walikuwapo wakulima kutoka Newala na Tandahimba, watu wa vyama vya msingi, wanunuzi wa korosho kutoka nje wasiojua Kiswahili zaidi ya "jambo", na wageni kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde wenzetu waliosomeshwa kwa Kireno. Waandaaji waliniomba wasifu wa maneno mia moja. Niliwapa shule, makala na miaka ya kazi, nikadhani nimemaliza.

Asubuhi mapokezi wakanivalisha kitambulisho. Kimeandikwa hivi:

```
Dkt. Somoe Ng'ombo
```

Kumbe fomu yao ya mtandaoni iligeuza ile alama ya ritifaa kuwa msimbo, na aliyechapa akachapa alichokiona. Mnunuzi mmoja aliniuliza kwa adabu zote kama 39 ni namba ya meza yangu. Nikasema ndiyo. Ningeanzia wapi?

Halafu mshereheshaji akashika kipaza sauti. Kijana mchangamfu, sauti nzuri, ila karatasi yake ilikuwa imepoteza ritifaa kabisa, imebaki "Ngombo". Akajikwaa, akasema "Daktari Ng'ombe", ukumbi ukacheka, akaomba radhi kwa kunipandisha cheo: "Profesa, samahani, Profesa Ngombo!" Ng ya ngoma, si ng' ya ng'ambo. Kisha akamalizia, "Profesa Somo, karibu utupe somo." Watu wakapiga makofi. Pembeni mkalimani alikuwa anawasomea wageni wasifu wangu kwa Kiingereza. Kiswahili chetu hakimtenganishi mwanamume na mwanamke, "alisoma" ni "alisoma" tu, na yeye alipolazimika kuchagua akachagua mwanamume. Nilipopanda jukwaani na kitenge changu, safu ya mbele ilikuwa bado inatazama mlangoni kumsubiri huyo bwana.

Na bado. Wakati wa chai akanijia bibi mmoja wa Tandahimba, nikampa shikamoo, akanishika mkono: "Mwanangu daktari, goti hili la kushoto." Nikamweleza kwamba mimi ni daktari wa mikorosho. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Nilirudi nyumbani nimeamua kuuandika wasifu upya. Ushauri ukaanza kumiminika, mwingi wa bure na thamani yake ni hiyo hiyo. Mmoja alisema nijiite S. Ngombo, rahisi kwa wazungu. Jina la babu yangu nilikate ritifaa kwa sababu mtu wa fomu hajui kuiandika? Mwingine, msomi wa lugha, alinishauri niweke alama za kifonetiki. Nikaweka. Kijana wa steshenari alipochapa nakala ya kwanza, kile kiherufi chenye mkia cha kuonyesha ng' kilitoka kama kisanduku kitupu, maana fonti yake haikuwa nacho. Na hata kingetoka, ni nani kati ya wakulima, wanunuzi na mshereheshaji angekisoma? Nilimlipa elfu tatu au nne hivi, nikaondoka na karatasi yenye visanduku.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolikumbuka kwa aibu tamu. Nilialikwa Masasi, watu mchanganyiko vile vile. Safari hii niliandika kila kitu ndani ya mabano, katikati ya wasifu, kwa herufi kubwa pale penye mkazo: "Dkt. Somoe Ng'ombo (tamka so-MO-e, mkazo kwenye MO, si Somo, ng' kama ng'ambo, si Profesa, si tabibu)". Nikajiona mjanja. Mshereheshaji wa Masasi alikuwa mama makini, mwalimu mstaafu, mtu asiyeruka neno lililoandikwa. Akasoma yote. "Daktari Somoe Ng'ombo, tamka so, MO," hapo akapaza sauti kwa sababu herufi zilikuwa kubwa, "e, mkazo kwenye MO!" Akapumua. "Si Somo. Si Profesa. Si tabibu." Ukumbi mzima ukageuka kunitazama kujua basi ni nani. Kuna mzee alijibu kutoka nyuma, "Sasa ni nani?" Jina lilitamkwa sawasawa, hilo silikatai.

Yule mama aliponirudishia karatasi aliniambia jambo ambalo washauri wangu wote hawakuliona. "Dada, umeniandikia mimi na wao kwenye karatasi moja. Mimi nitajuaje lipi langu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wasifu una wasomaji wawili. Mmoja anausoma kwa macho, kwenye kijitabu cha ratiba, na huyo anahitaji jina kamili, kazi na kujua kama ni bwana au bibi. Mwingine anausoma kwa mdomo, na huyo anahitaji sauti ya jina, cheo, na aniite nani mara ya pili atakaponitaja. Vitu vya mdomo havikai kwenye wasifu wenyewe. Vinakaa juu yake, vimetengwa kwa mstari, na vimeandikwa wazi kwamba havisomwi.

Mkutano uliofuata ulikuwa Lindi. Juu ya ukurasa niliandika:

"KWA MSHEREHESHAJI TU, USISOME HADHARANI. Jina: Somoe Ng'ombo. Somoe ina silabi tatu, so-mo-e. Ng' ni kama ng'ambo. Cheo: Dkt. Aitwe Dkt. Somoe kila anapotajwa, hata wakati wa maswali. Asiitwe Profesa."

Chini ya mstari ukafuata wasifu wenyewe, na sentensi ya kwanza ilikuwa: "Dkt. Somoe Ng'ombo ni mtafiti wa magonjwa ya mikorosho. Wakulima wa Newala humwita Bibi Shamba." Sentensi hiyo naipenda sana. Inasema ni mwanamke bila kuhubiri, na inamwambia bibi wa goti kwamba udaktari huu ni wa shambani. Wasifu wa Kiingereza niliuandika mwenyewe badala ya kumwachia mkalimani, nikahakikisha kile kiwakilishi chao cha kike kinatokea ndani ya mistari miwili ya mwanzo. Akishakiona mapema harudi tena kwa yule bwana.

Kwa nini Dkt. Somoe na si Dkt. Ng'ombo? Wageni walinibishia hili, maana kwao cheo hufuata jina la mwisho. Lakini Ng'ombo ni babu yangu. Ukisema Dkt. Ng'ombo pale Newala, wazee wanamkumbuka marehemu, ambaye shahada yake ilikuwa ya kutega samaki. Wale wa kutoka Msumbiji hawakuona shida, nao kwa Kireno huambatanisha cheo na jina la kwanza bila wasiwasi. Kwenye makala za kitaalamu nabaki Ng'ombo, kwa sababu huko ndivyo wanavyonitafuta. Hivyo kwenye ratiba liko jina kamili, mdomoni liko la kwanza.

Kazi ngumu ilikuwa ng' kwa wale wa Kiingereza. Mwongozo wa ng'ambo hauwasaidii, hawalijui neno lenyewe. Lugha yao sauti hiyo inayo, ila huiweka katikati au mwishoni, kamwe si mwanzoni, na ndiyo maana ndimi zao hugoma. Wengi huokoa jahazi kwa kuongeza g, wanasema Ngombo, au kwa kutanguliza irabu, wanasema Ingombo. Nilikuja na mbinu hii na sioni haya kujisifu: mwambie atamke neno lao la pete, alifuatishie "ombo" bila kupumua, arudie mara tatu, halafu ameze ile sehemu ya mbele. Mnunuzi wa namba 39, ambaye alikuja na Lindi, nilimfundisha hivyo kwenye kiti cha baraza la hoteli. Mara ya nne aliipata, akafurahi kama mtoto, akaanza kumwita kila mtu Ng'ombo, hadi mhudumu. Maelezo haya niliyaweka kwenye nakala ya Kiingereza peke yake. Kwenye ya Kiswahili yangekuwa matusi kwa msomaji.

Herufi kubwa za kuonyesha mkazo nilizifuta kabisa kwenye nakala ya Kiswahili. Mswahili akiona so-mo-e ataweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kuambiwa. Shida yake ni kuimeza ile e ya mwisho, ndiyo maana nahesabu silabi.

Nikamtumia mshereheshaji pia ujumbe wa sauti kwa Watsapu, sekunde nane: jina mara mbili, taratibu kisha kwa kasi ya kawaida. Bando halikufika hata shilingi mia. Lakini usiitegemee sauti pekee. Siku ya mkutano aliyepokea sauti yangu alikwama na gari Mingoyo, akasimamishwa mwingine asiyekuwa nayo. Kilichoniokoa ni karatasi niliyoibandika mwenyewe kwenye meza ya kuzungumzia, mapema, kabla watu hawajaingia. Kuhusu kitambulisho, nilidai kukiona jana yake. Kilikuwa na "Ng" halafu nafasi halafu "ombo". Wakachapa tena wananuna.

Yule wa dharura akasimama, akaangalia karatasi, midomo ikacheza kidogo, akasema: "Dkt. Somoe Ng'ombo, Bibi Shamba wetu." Sawasawa. Wakati wa maswali akasema tena Dkt. Somoe. Nikajisikia kumkumbatia.

Mchana nikaombwa mimi niendeshe kipindi, nimtambulishe mtafiti kutoka Msumbiji. Jina lake la ukoo linaanza na nh. Nikalisoma n, halafu h, kwa kujiamini kabisa. Wenzake wakainamisha vichwa. Nh ya Kireno ni ny yetu, alinieleza baadaye taratibu, na wasifu aliokuwa amenitumia haukuwa na neno hata moja la kunionya. Nikatoa simu nikamwomba anirekodie.