Wakaniambia nikimlisha atakwama kuzaa

Hapa Bweyale kila mtu ni daktari. Mbuzi akikaribia kuzaa, utasikia "mpunguzie chakula, mtoto atanenepa atakwama". Nilichoka kubishana. Mtoto anakua kwa kasi wiki sita za mwisho, na wakiwa wawili wanabana tumbo la majani, mama anashindwa kula kama zamani hata akitaka. Ukimpunguzia tena anayeyusha mafuta yake mwenyewe, uchafu wa mafuta hayo uitwao ketoni unajaa kwenye damu, basi, anaugua. Jike wa mzee jirani alienda hivyo, mnene kabisa! Alijitenga na wenzake, akasusa chakula, akawa anasaga meno, mdomo unanukia utamu wa ajabu, wao wanamnywesha dawa ya minyoo.

Wangu ni chotara wa Boer, hana pembe. Tarehe ya kupandwa niliiandika ukutani kwa mkaa, mbuzi anabeba siku 150 hivi, kwa hiyo ilipobaki mwezi na nusu nikaanza pumba ya mahindi. Kidogo kwanza, konzi moja, nikapandisha polepole wiki mbili mpaka karibu nusu kilo kwa siku, asubuhi nusu, jioni nusu. Usimwagie yote siku moja, tumbo litachacha atahara. Juu yake marando ya viazi na majani ya mti wa kaliandra, na maji, maana kiangazi kile nyasi zilikuwa makapi tu.

Sasa balaa lilikuwa mbuzi wangu mwingine, mwenye pembe. Mwizi wa kuzaliwa! Niliweka beseni chini, akampiga mwenzie kichwa, akala yote. Nikamfunga kamba, akaikata. Nikasimama mwenyewe na fimbo, simu ikaita, kugeuka, beseni jeupe. Ndipo nikaona: pembe zake zimetanuka kama usukani wa boda. Nikatoboa ukuta wa mbao uwazi mwembamba wa kwenda juu, nikaning'iniza kijerikeni kilichokatwa kwa upande wa pili. Asiye na pembe anaingiza kichwa anakula taratibu, mwizi anagonga pembe ko! ko! anarudi nyuma, anajaribu tena, nilicheka mpaka mama watoto akatoka jikoni kuangalia. Ukijaribu, kaa hapo uangalie wasinase.

Pumba ilinila hela kidogo, elfu chache chache, sikuhesabu. Alizaa wawili bila kusaidiwa, muda si mrefu wamesimama wananyonya maziwa ya kwanza, na mama anayo ya kutosha.

Kondoo wangu mnene naye watu walitaka nimfungishe saumu. Aa wapi, mwishoni mwa mimba ndiyo unamletea ugonjwa wenyewe. Mafuta yanapunguzwa mapema, mimba ikiwa changa au kabla. Mimi napapasa mgongo: mifupa ikichoma vidole amekonda, nisipoipata kabisa amezidi. Na akishalala hainuki, pumba haisaidii tena, piga simu kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama unamnywesha glukosi ukimsubiri.