Salamu ya saa tano usiku

Watu nikiwasimulia kisa hiki huniambia, "Simu ilikuponza." Siyo kweli. Ule ujumbe niliutunga mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, siku moja ambayo wateja walikuwa wamenikimbia na sina la kufanya. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeweka WhatsApp Business kwenye simu ya duka. Mpwa wangu akanionyesha sehemu ya ujumbe wa salamu, ule unaojituma wenyewe mtu anapokuandikia. Nikaona huu ndio ukarimu. Nikaandika:

"Karibuuu! 🎉🎉 Tumefurahi mno kupata ujumbe wako! Kwetu kila mteja hutoka anatabasamu 😄 Fungua orodha yetu uone vitu vipya!"

Nikausoma mara mbili, nikacheka mwenyewe, nikauhifadhi. Wakati naandika, kichwani mwangu kulikuwa na mteja mmoja tu: mtu anayetaka kununua. Wa aina nyingine hakunijia kabisa.

Mama aliyeniandikia usiku ule alikuwa amenunua kwangu pasi ya umeme yapata wiki tatu kabla. Ilikuwa saa tano na dakika kumi usiku. Nami nilikuwa nimelala, simu ya duka nimeiacha kwenye droo, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Aliandika hivi:

"Pasi mliyoniuzia imeunguza gauni la mwanangu. Niliiweka moto mdogo kabisa. Gauni limeyeyuka likang'ang'ania kwenye pasi. Kesho asubuhi ana usaili. Pasi bado inanuka, nimeichomoa. Mnauza vitu gani nyie?"

Chini yake aliweka picha. Na chini ya picha, dakika ileile, Karibuuu yangu, na baruti zake mbili za sherehe.

Akajibu: "Umefurahi?" Kisha: "Umefurahi nini hasa?" Kisha, baada ya dakika nne: "Mnanicheka." Baada ya hapo kimya.

Asubuhi mpwa wangu ndiye aliyefungua droo. Alisoma, akanyanyua uso, akaniambia, "Mama mdogo, futa haraka kabla hajaamka." Kidole changu kilikuwa tayari juu ya ile salamu. Kilichonizuia hakikuwa hekima, ilikuwa woga: ukifuta ujumbe kwa wote, mahali pake hubaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Nikamwona yule mama anafungua simu, anakuta nimefuta. Ingeonekana naficha ushahidi. Na isitoshe alikuwa ameshaupiga picha na kuuweka kwenye stetasi yake, ingawa hilo nililijua baadaye.

Basi nikafanya kosa la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Nikaandika: "Habari. Samahani kwa usumbufu uliojitokeza. Ujumbe ule ulitumwa na mfumo, siyo sisi."

Niliona nimejitetea vizuri. Alama za kusoma zikageuka buluu. Ikapita kama saa nzima, akarudisha sentensi moja: "Kwa hiyo hata hamkusoma."

Nilikaa chini. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mtu anakwambia kifaa ulichomuuzia kinanuka moshi nyumbani kwake, wewe unamweleza habari za mfumo. Hata hilo neno "usumbufu" nalo. Gauni limeyeyuka mkononi mwa mtu, unaliita usumbufu.

Kabla ya kuandika tena nilitaka kuelewa jambo moja: kwa nini simu imkaribishe kama mgeni mtu ambaye tuliwahi kuandikiana? Siku ya kununua aliniuliza kama pasi zipo, nikamjibu. Tukarudi kwenye mipangilio na kusoma maelezo ambayo siku ya kwanza tuliyaruka. Ujumbe wa salamu huenda kwa anayekuandikia mara ya kwanza, na pia kwa yule ambaye hamjaandikiana kwa siku 14. Hapo ndipo mtego ulipo. Anayenunua leo na kesho akawa na swali hapati salamu, maana mazungumzo bado ni ya moto. Lakini kifaa hakiharibiki kesho. Huharibika wiki ya tatu, mwezi wa pili, wakati simu imeshamsahau mtu. Kwa hiyo salamu yangu ya sherehe ilikuwa imewekwa, bila mimi kujua, mlangoni hasa mwa watu wenye malalamiko.

Nikasoma tena ujumbe wake wa kwanza, polepole. Safari hii nikaona nilichokuwa sijakiona kwa sababu ya aibu: "Niliiweka moto mdogo kabisa."

Mwenye kuuza pasi anajua maana yake. Ndani ya pasi kuna kidhibiti joto, kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja ambacho hujikunja kikipata moto na kukata umeme; pasi ikipoa, kinarudi. Ile taa ndogo inayowaka na kuzima ndiyo inayokuonyesha kazi hiyo. Sehemu zinazogusana zikishikana kwa kuungua, umeme haukatiki tena. Unaweza kuzungusha kitufe hadi moto mdogo, pasi ikaendelea kupanda joto tu. Taa haizimi. Kuna kinga nyingine ya kukata umeme joto likizidi mno, lakini hadi ifike huko, gauni la kitambaa laini limeshayeyuka zamani.

Nikamwandikia:

"Mama, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako wote sasa. Uliiweka pasi moto mdogo, ikaunguza gauni la mwanao usiku wa kuamkia usaili, na ulipoeleza ukakuta salamu ya kucheka. Salamu ile niliiandika mimi, kosa ni langu. Pasi usiichomeke tena kabisa, hata kujaribu. Gauni nitalilipa. Leo kabla ya saa kumi jioni nitakuwa nimepima pasi zote zilizobaki dukani na nitakueleza nilichokuta. Naomba ruhusa nikupigie."

Hakuna emoji hata moja. Mpwa wangu alitaka niweke ule wa mikono iliyokutana. Nikakataa, nilishamaliza bahati yangu ya emoji kwa huyu mama.

Hakunipa ruhusa. Alisoma, akanyamaza. Lakini nilikuwa nimetaja saa, ikabidi niitimize. Nilikuwa na pasi 7 kwenye maboksi. Tukazichomeka moja moja, kitufe kwenye moto mdogo, tunatazama taa. Tano zilizima ndani ya dakika chache, zikawaka tena zilipopoa, kama inavyotakiwa. Mbili taa hazikuzima kabisa. Ya pili niliichomoa mwenyewe baada ya hewa juu yake kuanza kutetemeka, na mikono yangu nayo.

Mpaka hapo nilikuwa nashughulikia mteja aliyeudhika. Kuanzia hapo nikajua yule mama alikuwa ameniletea onyo la moto, nikampigia vigelegele.

Saa tisa na nusu nikamwandikia majibu: zilikuwa 7, mbili zina ugonjwa uleule wa yake, zote nimeziondoa kuuzwa. Ndipo akapiga yeye. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. "Radhi nimeiona. Niambie, wengine umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Nikasema ukweli, na nikaongeza kwamba ndiyo kazi inayofuata. Kitabu cha risiti kilionyesha pasi 9 za shehena ile zimeshatoka. Namba za simu nilikuwa nazo 6, yake ikiwamo. Nikawapigia watano waliobaki, mmoja mmoja, kwa sauti. Mmoja aliniambia taa ya pasi yake haizimi tangu siku ya kwanza. Yeye alidhani ni dalili ya pasi yenye nguvu. Kwa wale watatu nisiokuwa na namba zao niliweka tangazo kwenye stetasi na karatasi mlangoni: picha ya pasi, na namna ya kutazama taa. Wawili walikuja. Wa tatu sikumpata, na hadi leo nikiona mtu na pasi ya rangi ile huuliza alinunua wapi. Aliyeniuzia shehena alizichukua zote, baada ya mabishano nisiyotaka kuyakumbuka.

Jioni ya siku ya pili nilikwenda kwa yule mama na pasi mpya ya aina nyingine, niliyoipima mwenyewe, na fedha ya gauni. Alipokea vyote bila kutabasamu. Nikamwambia namwomba msamaha kwa salamu ile. Akasema, "Gauni halikuwa langu, muombe mwenyewe." Binti akatoka chumbani, nikamuomba. Usaili alikwenda na sketi ya kuazima. Sikuthubutu kuuliza ulikwendaje, wala sikumwomba mama afute ile picha kwenye stetasi. Ilikuwa haki yake. Na baada ya siku moja huondoka yenyewe.

Niliporudi nikaivunja ile Karibuuu na kuandika nyingine. Kipimo tulichotumia kilikuwa rahisi: mpwa wangu alisoma kwa sauti ujumbe wa yule mama, mimi nikasoma rasimu yangu kumjibu. Neno lolote lililonipa haya nililikata. Rasimu tatu zilianguka. "Tunafurahi" ilitoka. Alama za mshangao zilitoka. Hata "tunathamini" ilitoka. Ikabaki hivi:

"Tumepokea ujumbe wako. Huu umejituma wenyewe, bado hakuna aliyesoma wako. Tutausoma duka likifunguliwa saa mbili asubuhi. Kama kifaa kinatoa moshi au kuunguza, kichomoe, kisha piga namba hii hata usiku."

Nikabadili na watu wa kutumiwa: uende kwa wale tu ambao namba zao hazimo kwenye majina ya simu. Kila anayenunua sasa namhifadhi jina siku hiyohiyo, kwa hiyo akiniandikia hata baada ya mwezi hakutani na ujumbe wa kujituma. Ila akiandika usiku hapati neno hadi asubuhi, na wapo wanaolalamikia hilo. Nimeona bora kimya kwa anayenijua.

Yule mama hakuja dukani. Wiki ya nne, jioni, simu ikalia nikiwa nimekaa kwenye kigoda kilekile. Ilikuwa picha ya pasi mpya imesimama kwenye meza ya kunyooshea, na maneno mawili chini yake:

"Taa inazima."

Hakuna kilichojituma. Nikaandika kwa vidole vyangu: "Nimeiona, mama."