Nilivyopanga bei za maji kwa masoko mawili, na kwa nini sikukubali bei moja kwa wote

Karibu kila niliyemuuliza kabla hatujapeleka maombi ya bei mpya kwa mdhibiti alinijibu vilevile: weka bei moja kwa wote, hiyo ndiyo haki. Ushauri huo uliniudhi wakati ule na unaniudhi hadi leo, kwa sababu wanaoutoa hawajawahi kukaa chini wakaupigia hesabu. Mimi niliupigia, tena mara nyingi, na nataka kuonyesha ulichozaa.

Kampuni yetu huuza maji kwa makundi mawili: majumbani na viwandani. Mdhibiti haturuhusu kupata faida. Turudishe gharama zetu, basi. Gharama ya kusukuma na kutibu uniti moja zaidi ni ndogo, ila mabomba na matangi ni gharama za kudumu, zipo hata tusipouza tone. Ukiuza kila uniti kwa gharama yake tu, mabomba hayalipiki. Kwa hiyo lazima kuwe na ziada juu ya gharama, na swali lote ni nani abebe kiasi gani.

Nambari za hapa nimezipunguza ili zifuatike kwa kalamu na karatasi. Kila uniti inatugharimu 10, na gharama za kudumu ni 1,920. Kwa bei ya 10, majumba yangenunua uniti 100 na viwanda 100. Kila bei inapopanda kwa 1, majumba yanapunguza uniti 1, viwanda vinapunguza 5, kwa kuwa kiwanda kinaweza kurudia maji yake kwenye mitambo au kuchimba kisima. Ikifika 30, viwanda havinunui kitu.

Sasa tuijaribu hiyo bei moja. Mshauri mmoja tuliyeletewa alianza na 20. Majumba yananunua 90, viwanda 50, na ziada ya 10 kwa kila uniti inaleta 1,400. Haitoshi. Akapanda hadi 25: majumba 85, viwanda 25, ziada inakuwa 1,650. Bado. Akasema tupandishe tena kidogo, tufike 30. Viwanda vikatoweka kabisa kwenye jedwali, na ziada ikashuka hadi 1,600. Yaani tulipandisha bei tukapata pungufu kuliko hapo awali! Kilele cha njia hiyo, viwanda vikiwa bado vinanunua, ni kama 1,667, na hapo hufiki 1,920 kwa namna yoyote. Bei moja inayolipa mabomba ipo, lakini ni karibu 36, na anayelipa ni mtu wa nyumbani peke yake, maana viwanda vimeshaondoka. Hiyo ndiyo haki niliyokuwa nahubiriwa.

Njia niliyoitumia ni ya zamani. Mwanahisabati Frank Ramsey aliionyesha mwaka 1927 akizungumzia kodi, na Marcel Boiteux wa shirika la umeme la Ufaransa akaitumia mwaka 1956 kwa kampuni ya umma inayotakiwa kulipa gharama zake. Kwa masoko yasiyoathiriana, kanuni ni hii:

```
(p - c) / p = k / e
```

Hapo p ni bei, c ni gharama ya uniti ya ziada, na e ni unyumbufu wa mahitaji, yaani asilimia ambayo mauzo hupungua bei ikipanda kwa asilimia moja. k ni namba moja kwa masoko yote, na unaipandisha hadi gharama za kudumu zilipike. Soko lenye unyumbufu mdogo linabeba ziada kubwa.

Wengi hukwama kwenye e. Wanachukua unyumbufu uliopimwa kwa bei ya zamani na kuuingiza kwenye kanuni kama vile haubadiliki. Katika mfano wetu, bei ikiwa 10, unyumbufu wa majumba ni 0.1 na wa viwanda ni 0.5. Ukizitumia hizo, sehemu ya ziada katika bei ya majumbani inakuwa mara tano ya ile ya viwandani, na majumba yanaonewa bure. Unyumbufu unaotakiwa ni ule wa bei unayoiendea, na bei hiyo ndiyo kwanza unaitafuta.

Ujanja wangu, ambao naupenda kuliko yote niliyofanya kazini, ni kuziacha bei kwanza na kuanzia kwenye uniti. Mahitaji yakiwa mstari ulionyooka, kanuni ile ni sawa na kusema: punguza mauzo ya kila soko kwa sehemu ileile, kuanzia kiasi ambacho wangenunua kwa bei ya gharama. Nikapunguza kwa moja ya tano. Majumba 80, viwanda 80. Bei inayofanya majumba yanunue 80 ni 30, na ya viwanda ni 14. Majumba yanatoa ziada ya 20 mara 80, yaani 1,600, na viwanda 4 mara 80, yaani 320. Jumla 1,920, bila kuzidi wala kupungua. Ukirudi kuhakiki kwenye kanuni, unyumbufu sasa ni 0.375 na 0.875, na pande zote mbili k inatoka 0.25.

Angalia k hiyo kwa makini. Mwenzangu aliiachia kompyuta itafute jibu, ikamletea bei za 90 na 26, nazo zinalipa 1,920 vilevile, kwa uniti 20 tu kila soko! Hesabu ina majibu mawili, na hilo la pili linawakamua wateja kupita hata mhodhi, yaani muuzaji wa pekee sokoni, asiyedhibitiwa. Dalili yake ni k kuzidi 1. Hapo ilitoka 4. Inayokaribia 1 nayo inakuonya kwamba gharama za kudumu zimefikia mwisho wa kile ambacho wateja wanaweza kuchangia.

Mbele ya mdhibiti swali lilikuwa lile nililolitarajia: kwa nini mama wa nyumbani alipe 30 na mwenye kiwanda 14? Nikamwonyesha ile 36. Viwanda vinalipa zaidi ya 10 ambayo kila uniti inatugharimu, na kila kinachozidi kinampunguzia mama mzigo. Bila wao angebeba 1,920 yote badala ya 1,600. Hakuna anayembeba mwenzake. Lakini kanuni hii haioni umaskini, na sikujidai kwamba inauona. Kaya zinazotumia maji kidogo tuliziombea uniti za mwanzo kwa bei nafuu, na pengo likafidiwa ndani ya kundi la majumbani, kwa wanaotumia zaidi.

Mdhibiti alikubali kwa sharti ambalo mimi mwenyewe ningeliweka: unyumbufu wa viwanda upimwe upya. Ankara za miezi michache baada ya bei kupanda zinadanganya, maana kisima hakichimbwi kwa siku moja. Kiwanda kinaendelea kununua huku kinatafuta mkandarasi, nawe unadhani kimevumilia. Mita za viwandani pia hukaguliwa, kwani anayenunua kwa 14 akianza kuuzia majirani wanaolipa 30, masoko si mawili tena na hesabu yote inaanguka.