Meza ya Mgandini kwenye sivii ya Kanada

"Hana uzoefu wa kazi." Ndivyo alivyoandikiwa wifi yangu hapa Edmonton na mtu anayelipwa kusaidia wahamiaji kutafuta ajira. Miaka yote aliyouza nyanya, vitunguu na karoti pale soko la Mgandini, Tanga, ilifupishwa kuwa mama wa nyumbani. Nilipoiona ile karatasi damu ilinichemka, na ninavyoandika hivi bado haijapoa. Mtu anaamka saa tisa usiku kupokea mzigo wa Lushoto, ana wasichana wawili na kijana wa mkokoteni wanaokula kupitia meza yake, analipa ushuru kila siku, anachukua mali kauli na kuirudisha bila kukosa, halafu unasema hana uzoefu?

Duka moja la vyakula lilikuwa limetangaza nafasi ya msimamizi wa wauzaji. Kazi hiyo naijua, nimeifanya, na nimewahi kukaa upande wa wanaosoma sivii. Nikamwambia wifi tuiandike upya, na tuanze na tangazo, meza ya Mgandini ije baadaye.

Tovuti ya serikali ya Job Bank inaiweka kazi hii kwenye namba 62010 ya NOC, yaani orodha rasmi ya kazi za Kanada, na majukumu yake yako wazi: kusimamia wauzaji na makeshia, kuwagawia kazi na kupanga zamu, kumaliza malalamiko ya wateja, kuweka akiba ya bidhaa na kuagiza, kuandaa taarifa za mauzo, kufundisha wapya. Matangazo mengi ya maduka yanazunguka hapo hapo. Tuliyaandika upande mmoja wa karatasi, upande wa pili tukauacha wazi.

Ukimuuliza mtu wa soko alikuwa anafanya nini atakujibu, "Nilikuwa nauza tu." Kwa hiyo sikumuuliza hivyo. Nilimuuliza: ulipokwenda kupokea mzigo, mezani alibaki nani? Jioni ulijuaje kama hawakukupunja?

Hapo wifi akachangamka. "Sasa nisijue vipi? Nimewaachia chenji ya elfu ishirini na mafungu 90 ya buku buku. Jioni yamebaki 12. Kwenye kopo nataka kuona elfu tisini na nane. Ikipungua, tunakaa chini mpaka ijulikane imekwenda wapi."

Jamani, hiyo ndiyo kazi ya kufunga hesabu ya keshia na kulinganisha na mali iliyobaki. Hapa dukani tunaifanya kila usiku kwa mashine, yeye aliifanya kwa kichwa na daftari. Kwenye sivii ikawa: "Alilinganisha fedha taslimu na bidhaa zilizobaki kila siku, na kufuatilia upungufu siku hiyo hiyo." Naiweka hapa kwa Kiswahili, yeye aliipeleka kwa Kiingereza, na kila neno ni jambo alilolitenda.

Pato lilitusumbua zaidi. Wengi hubadilisha shilingi kuwa dola, na hapo ndipo wanapojiangusha. Mauzo ya siku yanayowapa watu heshima Ngamiani, ukiyageuza kuwa dola, msomaji wa huku anaona fedha ya kununulia chakula cha wiki. Bei za kwetu hazijui. Acha fedha, tumia uzito, idadi ya watu na asilimia, vitu ambavyo havina sarafu. Wifi alipokea matenga sita ya nyanya mara tatu kwa wiki. Tenga lake lilikuwa karibu kilo 40. Hiyo ni kama kilo 720 kwa wiki, nyanya peke yake, na mtu yeyote aliyewahi kusimamia idara ya mboga anajua uzito huo maana yake nini.

Halafu kuna kuoza. Mwanzoni, katika kila matenga sita, moja zima lilikuwa linaishia jalalani. Akaanza kuzichambua mzigo ukishuka: zilizoiva sana zinatengwa na kwenda kwa mama ntilie alfajiri kwa bei ya chini, zenye ubichi zinabaki kwa siku ya pili. Baada ya hapo ikawa tenga moja katika kumi na mawili. Nikamwandikia: "Alipunguza upotevu wa bidhaa zinazoharibika kwa nusu, kwa kuzipanga kulingana na kuiva na kuuza mapema zilizo karibu kuharibika." Maduka ya huku upotevu unawanyima usingizi mameneja. Mstari huo niliuweka wa kwanza kabisa.

Namba hizi hatukuzibuni. Kumbukumbu ya mwaka mzima inadanganya, ila siku moja ya kawaida mtu anaikumbuka vizuri. Tulianza na Jumamosi moja isiyo ya sikukuu, kisha tukampigia aliyekuwa akimletea mzigo, ambaye bado ana madaftari yake. Yake na ya wifi yalipokaribiana ndipo tukaandika, na tukatanguliza neno "takriban".

Cheo nacho kina mtego. Kuna waliomshauri ajiite meneja mkuu wa kampuni. Nilikataa. Mwenye cheo hicho ataulizwa bajeti na mikataba ya ajira, na ataishiwa maneno dakika ya pili ya usaili. Tuliandika "Mmiliki na msimamizi, biashara ya mboga ya rejareja, Soko la Mgandini, Tanga", chini yake "wasaidizi watatu". Ratiba ya zamu ya maandishi hakuwahi kuwa nayo, kwa hiyo hatukusema aliandaa ratiba. Tulisema aligawa kazi kila asubuhi na kufundisha wasaidizi wapya kupima, kupanga na kurudisha chenji. Mashine ya keshia hakuwahi kuigusa, nayo hatukuitaja. Umri, ndoa, dini na picha, tulivyozoea kuviweka nyumbani, vyote tuliviondoa. Huku haviwekwi.

Wewe uliyeko Tanga au Bagamoyo na una mpango wa kutoka, nisikilize. Stakabadhi za ushuru usizitupe, zipige picha. Kitambulisho cha mjasiriamali kile cha elfu ishirini, leseni, namba ya mlipakodi, kama unavyo, vitunze. Mwajiri wa duka pengine hatavitaka, lakini ukija kuomba uhamiaji kwa uzoefu wa kujiajiri, maelezo uliyojiandikia mwenyewe hayapokelewi kama ushahidi. Wanataka karatasi za biashara, za kipato, na maneno ya watu wengine uliofanya nao kazi.

Wadhamini nao uwachague mapema. Mwenyekiti wa soko ni mtu mzito kwetu, lakini kama Kiingereza kinampa shida, simu ya mwajiri itakatika bila faida. Wifi alimchagua mhasibu wa shule moja aliyekuwa akichukua mboga kwake kila wiki. Anajua uzito, anajua hakuwahi kucheleweshewa mzigo, na anaongea vizuri. Tulimtumia sivii yenyewe aisome kwanza.

Aliitwa kwenye usaili. Swali la kwanza lilikuwa, mfanyakazi wako fedha zikipungua unafanyaje? Akawaeleza ya kopo na mafungu, kama alivyonieleza mimi. Wamemchukua kama msaidizi wa msimamizi, miezi mitatu ya majaribio, nami naona ni haki yake, si fadhila.

Mpe mwajiri saa za kumpigia mdhamini pia. Saa nane mchana ya Edmonton wakati wa kiangazi, Tanga ni saa tano usiku. Apige saa tatu asubuhi yake, atamkuta mtu saa kumi na mbili jioni. Baridi ikianza huku, kama saa zitarudishwa nyuma, itakuwa saa moja usiku.