Sili Nzima, Dawa Zimeisha Muda

Nilipokabidhiwa toroli ya dawa za dharura katika wadi ya watu wazima hapa Lamu, niliikagua kila Jumatatu baada ya makabidhiano ya zamu ya usiku kama nilivyofundishwa: nikisoma namba ya sili ya plastiki, nikiilinganisha na ile ya rejista, kisha nikitazama kadi ya ubavuni inayoonyesha dawa itakayotangulia kuisha muda na mwezi wake. Mambo hayo yakiwa sawa, nilitia sahihi.

Jumatatu moja ya Septemba namba zililingana, na kadi ilisema ya kwanza kuisha ni adrenalini, mwezi wa Novemba. Kwa kuwa ilikuwa siku ya hesabu kamili ya mwezi, niliikata sili nikafungua droo ya juu. Ampuli zilikuwa 10 kamili, lakini nilipozitoa moja moja na kuzielekeza dirishani nisome maandishi madogo ya kwenye kioo, 3 kati yake zilikuwa za Agosti. Dawa iliyoandikwa mwezi na mwaka tu hutumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Hizo, basi, zilikuwa zimeshapita.

Rejista ilinipa jibu. Toroli ilikuwa imefunguliwa usiku mmoja kwa mgonjwa aliyesimama moyo, na wenzangu, wakitaka irudi tayari kabla ya alfajiri, waliazima ampuli 3 wadi ya jirani, wakazitia kwenye kasha lililokuwepo na kuinakili kadini tarehe ya kasha. Sili mpya ikafungwa juu ya kosa hilo. Sili hueleza tu kwamba tangu ifungwe hakuna aliyefungua. Kilichowekwa ndani haikijui.

Tangu hapo tarehe tunaisoma kwenye ampuli yenyewe, mmoja akisoma na mwenzake akiandika, na ampuli zilizoazimwa hazitiwi kwenye kasha la ampuli nyingine. Adrenalini iliyogeuka rangi kuwa ya waridi au kahawia tunaiondoa hata kama muda wake haujafika.

Idadi ya 10 nayo haipunguzwi. Mtu mzima aliyesimama moyo hupewa miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, yaani ampuli moja ya miligramu 1 kila mara, kwa hiyo nusu saa ya kumhudumia huweza kumaliza kati ya 6 na 10. Na kwa kuwa mzigo wetu huvuka kwa boti kutoka Mokowe, sisubiri mwezi wa mwisho. Mfamasia aliniambia, “Dada, usiniletee zikiwa zimeshakufa, niletee zingali na uhai.” Zikibakiza miezi 3 nazipeleka chumba cha upasuaji, ambako hutumika upesi, nami nabadilishiwa zenye tarehe ya mbali.

Zile 3 za Agosti niliziandikisha, nikazikabidhi duka la dawa ziteketezwe, na kabla ya saa nne asubuhi toroli ilikuwa na sili mpya na kadi iliyoandikwa upya.