Mkanda wa mashine ya presha ulivyompandishia mama namba

Mashine tuliyomnunulia mama ilikuwa ikisoma 158/96, 160/95, siku nyingine zaidi, ilhali dawa anameza bila kukosa. Kilichonishtua ni mkanda wenyewe. Ukimfunga, gundi ya mkanda inashikia ncha tu, na hewa ikijaa inaanza kuachia kwa sauti ya kukwaruza. Nikausoma pembeni: 22–32 cm.

Nikachukua futi ya cherehani. Mama aliketi, mkono ukining'inia, nikatafuta katikati ya mfupa wa juu wa bega na ncha ya kiwiko. Nikaizungusha futi hapo bila kuikaza. Sentimita 40.

Ndani ya mkanda kuna mfuko wa hewa, na huo ndio unaofanya kazi. Kitambaa kinaushikilia tu. Mfuko unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono, na upana wake uwe karibu asilimia 40 ya mzingo huo. Ukiwa mfupi na mwembamba, msukumo wake hauufikii vizuri mshipa ulio ndani ya nyama, kwa hiyo mashine inalazimika kujaza hewa zaidi ndipo damu izuiwe. Tatizo ni kwamba mashine inasoma hewa iliyomo kwenye mkanda, haioni ndani ya mshipa. Ile nguvu ya ziada inaandikwa kana kwamba ni presha ya mtu.

Nilitafuta mkanda mkubwa wa kampuni ileile iliyotengeneza mashine, maana mashine hizi hupimwa usahihi pamoja na mikanda yake. Ulioandikwa 32–42 cm ulimfaa. Ukiufunga, mstari wa ukingoni unaangukia kati ya alama mbili zilizochorwa kwenye kitambaa; ukipita nje ya alama hizo, saizi siyo.

Mama alipumzika dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda mdogo: 157/96. Tukasubiri kidogo, mkubwa: 143/89. Nikarudia kwa kuanza na mkubwa, nisije nikadanganywa na utulivu wa kukaa muda mrefu. Tofauti ikabaki ileile kwa karibu.

"Kwa hiyo sina presha?" mama akauliza. Unayo, mama, nikamwambia, ila si ya kiwango kile. Daktari alikuwa akifikiria kumwongezea dawa ya pili. Alipoona daftari lenye vipimo vya mikanda yote miwili, alimpima mwenyewe kwa mkanda mkubwa, kisha akasema tuendelee na dozi ileile na tumletee vipimo vya mkanda huo pekee.

Ule mdogo hatukuutupa. Mkono wa baba ni sentimita 26, na kwake mkanda mkubwa ungesoma chini ya ukweli. Kila mkanda sasa una jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino.