Chokaa si ipo?

Juzi nilifunua pipa la chokaa lililolala na maji tangu Ramadhani, na ile harufu yake ya mvua na mawe ikanirudisha moja kwa moja Mkunazini, kwa yule Bi Mkubwa. Mwanangu mdogo alikuwa ananitazama, akauliza kwa nini nacheka. Sikuwa nacheka.

Kazi tuliyokubaliana ilikuwa ukuta wa uani: mita 6 kwa 4, yaani mita za mraba 24, kwa shilingi 40,000 kila mita, kuanzia tabaka la kwanza mpaka la kumalizia. Jumla 960,000, imeandikwa na kila mmoja ana karatasi yake. Tulikuwa tumeshapiga tabaka la pili na tunangoja. Chokaa haitaki haraka. Unaibonyeza kwa ukucha, na ukucha ukizama bado, hupigi juu yake kitu.

Bi Mkubwa akatoka na buli la kahawa, akakaa kwenye kigoda, akanionesha ukuta wa ngazini kwa kidevu.

"Mwanangu, na huo si mnanipakia tu? Nyie mpo, chokaa si ipo?"

Nikaenda kuutazama, maana kukataa kabla ya kutazama ni utovu wa adabu. Mita 4 kwa 3. Mtu aliwahi kuupiga saruji, pengine kwa nia njema. Nikagonga kwa kifundo cha kidole: juu ulilia mzito, chini, mpaka kiasi cha usawa wa kiuno, ulilia mtupu kama ngoma. Kulikuwa na unga mweupe umetoka kwenye nyufa. Nikauonja: chumvi. Mawe yetu ya matumbawe hunyonya maji kutoka chini, na saruji huyafungia ndani. Yakitafuta pa kutokea, chumvi inaisukuma plasta kutoka nyuma. Kupaka chokaa juu ya saruji ile kungependeza mpaka masika tu.

Miaka miwili nyuma, huko Malindi, nilishasema "haya, kidogo tu" kwa mtu mwingine. Kidogo kile kilikula siku sita, nikakimbiza matabaka ya kazi niliyolipwa ili nifidie, yakapasuka, na aliyenilaumu alikuwa yule yule niliyempa bure. Basi hayo yaliisha.

Nikarudi uani nikachuchumaa, kwa sababu sikutaka kumkatalia nikiwa nimesimama juu yake.

"Bi Mkubwa, huo haumo katika tulivyoandikiana, na sitouingiza kimyakimya. Lakini ukitaka nikufanyie, nakuandikia bei yake peke yake. Kazi hii ya uani haitoguswa, wala pesa yake."

Nikageuza karatasi ya saruji, nikaandika kwa penseli ya seremala mbele ya macho yake. Ukuta wote, mita 12: kubomoa saruji kwa tindo 8,000 kila mita, ndiyo 96,000, plasta 480,000, jumla 576,000. Au sehemu ile mbovu tu ya chini, mita 4, kwa 48,000 kila moja: 192,000, na mpaka wa zamani na mpya utaonekana, simfichi. Au auache kama ulivyo. Chini nikaandika: bei ya ukuta wote ni mpaka Alhamisi, jukwaa likiwa bado hapa, tukishaliondoa, kulirudisha ni 60,000 zaidi. Nusu kabla ya kuanza, na siku zake zinahesabiwa mbali na za uani.

Alisoma polepole, kidole kikifuata kila mstari. Kahawa ikapoa. Kijana wangu mmoja akajifanya anaosha mwiko uliokwisha kuoshwa.

"Baba yako," akasema hatimaye, "angepaka tu."

Ni kweli angepaka. Pia ni kweli tulikuwa tunakula uji bila sukari. Sikumjibu lolote kati ya hayo mawili. Nikasema, "Ndio, Bi Mkubwa," nikarudi kwenye ndoo yangu.

Jumatano asubuhi mjukuu wake alikuja na bahasha: 96,000, nusu ya ile sehemu ya chini, na ile karatasi ikiwa imepigwa saini chini ya mstari wa pili. Tukabomoa, tukapiga, tukaungoja ukauke kwa utaratibu wake. Mpaka ulionekana, kama nilivyosema. Alilipa iliyobaki siku ile ile tuliyomaliza.

Lakini tangu asubuhi ile hakuniita "mwanangu" tena. Aliniita "fundi". Nilimtumia kijana kwenye arobaini ya nduguye, nikaenda na mwenyewe, akanipokea vizuri, akanikalisha pazuri: "Karibu, fundi." Hadi leo sijui alikuwa amenipandisha au amenishusha.

Mwanangu aliuliza tena nacheka nini. Nikamwambia ashike mfuniko.